Faida ipo kwenye karatasi, pesa ya kulipa madeni sina: naomba ushauri

Assalaam alaykum ndugu zangu. Natengeneza sabuni za mwani hapa Paje. Kwenye mpango wangu, mauzo ya mwezi ni shilingi 2,000,000 na faida halisi 400,000, yaani asilimia 20. Nikafurahi. Kisha nikagawa mali ya muda mfupi, 2,400,000, kwa madeni ya mwezi huu, 1,200,000, nikapata 2. Nikajiona salama! Kumbe humo sabuni za stoo ni 500,000, na 1,600,000 naidai hoteli inayolipa baada ya siku 60. Taslimu ni 300,000 tu, robo ya madeni. Je, niipunguzie hoteli bei ilipe mapema, japo faida itashuka, au nimuombe muuza mafuta ya nazi anisubiri?