Nimeongezewa mshahara kwa asilimia 10, na mwisho wa mwezi ninabakiwa na kidogo kuliko zamani

Mtunza Stoo wa Sakina:

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira, na ninaomba mnivumilie. Mimi ni mtunza stoo katika kampuni moja ya utalii hapa Arusha. Baada ya miaka 3 mshahara ukiwa haujasogea hata shilingi, mwezi uliopita tuliitwa kikaoni, tukanunuliwa soda, tukatangaziwa nyongeza ya asilimia 10, kisha tukaombwa tupige makofi. Nami nilipiga.

Mshahara wangu ulikuwa 600,000 na sasa ni 660,000. Zamani, baada ya kukatwa NSSF na kodi, nilikuwa napokea 516,000; safari hii imeingia 559,200, maana yake ile 60,000 niliyoipigia makofi imenifikia ikiwa 43,200.

Mke wangu ana daftari la matumizi ambalo haliachi hata kiberiti. Tuliufungua ukurasa wa mwezi ule mshahara ulipopangwa, tukaulinganisha na wa mwezi huu, vitu vilevile na kiasi kilekile. Kodi ya nyumba ilikuwa 120,000, leo ni 150,000. Chakula, ambacho kwa sehemu kubwa tunakinunua soko la Kilombero, kimetoka 200,000 hadi 230,000. Nauli, gesi na vikorokoro vingine vimetoka 80,000 hadi 88,000. Jumla ilikuwa 400,000, leo ni 468,000. Zamani nilikuwa nabakiwa na 116,000 za kumtumia mama na kuweka akiba. Sasa, baada ya kuongezewa, ninabakiwa na 91,200. Nimemweleza mhasibu wetu, akanijibu kuwa sina shukrani.

Bwana Takwimu:

Pole, lakini mhasibu ana hoja. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekuwa ikitoa mfumuko wa bei wa karibu asilimia 3. Wewe umepewa 10, kwa hiyo umezizidi bei kwa asilimia 7. Tatizo lako ni matumizi.

Mama Ntilie wa Ngarenaro:

Mbona Mei Mosi ya 2025 Rais alitangaza asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000? Mwajiri wako amekula nyingine. Mimi wali maharage niliupandisha bei, wateja wakahamia kwenye chapati, sasa na mimi nani ataniongezea?

Mwalimu Mstaafu, Moshi:

Mama, nyongeza ile ilihusu kima cha chini cha watumishi wa umma. Huyu yuko sekta binafsi na tayari alikuwa juu ya kiwango hicho.

Bwana Takwimu, asilimia 3 ni ya mwaka mmoja, ilhali mshahara wake ulisimama miaka 3, na kila mwaka bei hupanda juu ya bei zilizokwisha kupanda. Hata tukichukua 3 hiyohiyo kwa kila mwaka, tunafika asilimia 9.3, wakati fedha iliyomfikia mkononi imeongezeka kwa asilimia 8.4 tu. Kwa hiyo hata kwa kipimo chako mwenyewe amerudi nyuma kidogo. Kwa kipimo cha daftari lake, ambalo limepanda asilimia 17, amerudi nyuma sana. Kikapu cha taifa, yaani vitu ambavyo bei zake hutumika kupima mfumuko, hupangwa kwa wastani wa kaya nyingi zenye matumizi tofauti. Yeye chakula na pango pekee vinameza zaidi ya robo tatu ya matumizi aliyoyaorodhesha, na ndivyo vilivyopanda zaidi.

Sasa sikiliza, mtunza stoo, kwa sababu hapa ndipo wengi hupigwa bao. Mshahara wako wa zamani ulikuwa unakuachia 86 katika kila shilingi 100. Nyongeza haikuachii 86. Katika kila 100 inayoongezwa, 10 inakwenda NSSF, na 90 inayobaki inakatwa kodi ya asilimia 20 ya daraja lako, yaani 18, hivyo unapata 72. Ile ya NSSF haijapotea, ni yako ya uzeeni, ila haikununulii unga leo. Ili 68,000 zilizoongezeka kwenye daftari zikufikie mkononi, ulipaswa kuongezewa takriban 94,500. Na hata hapo zile 116,000 zingekuwa nambari ileile bila thamani ileile, kwa kuwa mama naye ananunua sukari kwa bei za leo.

Bwana Takwimu:

Kwenye miaka 3 nimekosea, nakubali. Lakini kodi ya nyumba ilipopanda kwa 30,000, angeweza kuhama. Mtu akihama au akibadili chakula, kikapu si kilekile tena, na hasara inapungua.

Mtunza Stoo wa Sakina:

Mwalimu, shikamoo na ahsante. Jumatatu ninamrudia mhasibu na hiyo 94,500 nikiwa na daftari mkononi. Bwana Takwimu, chumba cha bei ya zamani nimekipata Kisongo, na kutoka huko hadi kazini ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Na mchele tulikwisha kuupunguza tangu mwaka jana. Daftari linaonyesha bei ya kiasi cha zamani, si tunachokula sasa.