Tupeane uzoefu: "Too Many Requests" baada ya kukosea paswadi mara nyingi

Boda_wa_Ntinda: Jamani jana nilikuwa kwa kafe naingia akaunti ya kazi, paswadi nikaikosea kama mara 5, ya 6 nikaandika ile yenyewe maana nilikuwa nimeipata kwa daftari, ikanitupia Too Many Requests. Nikabonyeza na kubonyeza karibu saa nzima, bure. Nikakasirika nikaenda kula roleksi, narudi baada ya nusu saa, bonyezo la kwanza tu ikafungua! Nani mwingine?

MamaKitenge_Arua: Kungoja ya nini? Mimi nazima waifai naweka data ya simu, naingia saa hiyo hiyo.

FundiSeva: Mama, hiyo inafanya kazi kama seva inahesabu makosa kwa IP, yaani namba ya mtandao unaotokea. Kompyuta zote za kafe huwa zinatoka na IP moja, kwa hiyo makosa ya jirani yako nayo yanahesabiwa kwako. Ila kama inahesabu kwa jina la akaunti, badilisha laini, weka VPN, bado umefungiwa. Na data ya simu nayo watu wengi mnagawana IP moja, unaweza kukuta imeshachafuliwa.

Boda, paswadi yako ilikuwa sawa, lakini seva haikuifikia hata kuiangalia, ilikurudisha mlangoni. Hiyo ni ya kuzuia wezi wenye programu za kubahatisha paswadi. Na seva zingine kila bonyezo wakati umefungiwa linaanzisha saa upya, ndiyo maana roleksi ilikusaidia 😂 Ukifungua sehemu ya netwaki kwa braoza unaweza kukuta:

```
HTTP/1.1 429 Too Many Requests
Retry-After: 900
```

Hizo ni sekunde, yaani dakika 15. Usiguse kitu mpaka ziishe.

Mzee_Mbale: Mimi line yangu nilikosea PIN mara 3 ikafunga, nikangoja siku mbili na haikufunguka, msidanganye watu.

FundiSeva: Mzee wangu shikamoo, hiyo ni kadi ya simu, inataka PUK, haina saa ndani. Kungoja hapo hakusaidii kabisa.

Dada_Jinja: Basi mimi nilingoja usiku kucha bila kugusa na asubuhi nikakuta bado 429. Nilikuwa nimebadilisha paswadi ya imeili juzi yake.

FundiSeva: Kuna simu nyingine yenye hiyo imeili?

Dada_Jinja: Eh, ile ya zamani wanachezea watoto... nimeiangalia, bado ina paswadi ya kale na inajaribu kuvuta imeili yenyewe kila baada ya dakika chache! Nimetoa akaunti humo, nikakaa kama saa moja, nimeingia.

Boda_wa_Ntinda: Na kama hiyo Retry-After haipo, mtu angoje muda gani?

FundiSeva: Hapo kila seva na mwenyewe. Mimi huanza na nusu saa, ikikataa nauzidisha huo muda mara mbili, na najaribu mara moja tu kila zamu.

MamaKitenge_Arua: Mimi bado nitaanza na data yangu 😅