Naomba ushauri: bosi anataka barua pepe yake iwe memo rasmi yenye mgawanyo, rasimu yangu imerudishwa na wino mwekundu

BintiShangani (Mtwara)

Wakuu habarini. Mimi ni karani kwenye ghala la korosho hapa Mtwara mjini, nina miezi minne kazini. Jumapili usiku tarehe 5 Oktoba meneja alitutumia barua pepe kutoka kwenye simu yake. Asubuhi yake akaniambia: "Iandike iwe memo rasmi, iwe na mgawanyo, iingie kwenye jalada." Barua pepe yenyewe ilikuwa hivi:

"Wapendwa, habari za jioni, poleni na joto. Kama nilivyowagusia juzi, msimu ndio huo, kwa hiyo kuanzia Jumatatu ijayo tunafungua geti saa 1 badala ya saa 2. Watu wa mizani wawahi kidogo. Mama Asha atabaki na funguo za ghala namba mbili. Ile siku ya sikukuu tupumzike. Gari lisilo na karatasi za AMCOS msiliingize hata dereva akilia. Mwenye swali anione. Mungu awabariki."

Nikaweka kichwa cha habari, KWA: Wafanyakazi Wote, KUTOKA kwa jina lake, tarehe 5 Oktoba, kisha nikabandika maneno yake yote chini na kumalizia na "Wako katika ujenzi wa Taifa". Kwenye nakala nikaandika watu wote aliowatumia, na kampuni ya ulinzi imo.

Imerudi na maswali matatu kwa wino mwekundu: "Jumatatu ipi? Nani? Mgawanyo?" Nataka nijue kosa liko wapi hasa, maana msimu huu zitakuja nyingine nyingi.

Kiduku_Newala

Dada, kichwa cha memo ni vitu vitano tu: KWA, KUTOKA, TAREHE, KUMB. NA. na YAH. Wewe umesahau kumbukumbu namba na yahusu. Memo haina salamu wala "Wako katika ujenzi", hayo ni ya barua. Toa hayo, gonga mhuri wa ofisi, maneno ya bosi yaache kama yalivyo, kwa sababu ukiyabadilisha umemwekea maneno mdomoni. Kwenye mgawanyo andika majina yote ya wafanyakazi mmoja mmoja ili asiwepo wa kusema hakupata.

MwalimuMasasi

Pole mdogo wangu. Hata mimi niliandika dokezo kwa mkuu wangu wa shule kuomba ruhusa ya kwenda msibani, likapotea. Baadaye nikaambiwa niliondoka bila ruhusa. Tangu siku hiyo dokezo langu haliendi bila daftari la kusambazia, anayepokea anasaini na kuandika tarehe. Kwa hiyo anza kwa kuandika "Naomba kuwasilisha kwako ombi lifuatalo", halafu hakikisha limesainiwa.

BintiShangani

Asante mwalimu, ila hili ni tangazo la bosi kwenda chini, si ombi langu kwenda juu. La daftari nimelichukua.

MzeeMasjala (Lindi)

Binti yangu, nimekaa masjala miaka mingi, ngoja nikueleze taratibu.

Kiduku yuko sawa kuhusu vitu vitano na kuhusu salamu. Kuhusu kuyaacha maneno yalivyo, hapana. Usibadilishe uamuzi wake hata kidogo, lakini maneno ni lazima yabadilike, kwa sababu barua pepe ile iliandikwa kwa watu walioisoma usiku uleule wakijua anachosema. Memo itatolewa jaladani Machi na mtu asiyekuwepo, labda mkaguzi anayetaka kujua gari fulani lilizuiwa kwa amri ipi.

Chukua kalamu, pigia mstari kila neno ambalo mtu huyo hataelewa. "Jumatatu ijayo" iliyoandikwa Jumapili usiku: mmoja atasema ni kesho yake tarehe 6, mwingine tarehe 13. Hapo ndipo penye wino mwekundu wa kwanza. "Kidogo" ni dakika ngapi? "Ile siku ya sikukuu" ni ipi? "Mama Asha" ni nani kwa cheo? "Karatasi za AMCOS" ni zipi, maana dereva hubeba karatasi zaidi ya moja. Usijibu hata moja kwa kukisia. Yaandike kwenye karatasi, mpelekee meneja, ajibu yeye. Hiyo ndiyo kazi ya karani kwenye memo, kuchapa kunafuata baadaye.

Tarehe ya memo ni siku inayosainiwa, si siku ya barua pepe. KUTOKA ni cheo, kwa kuwa agizo ni la ofisi na litaendelea hata yeye akihamishwa. Kumbukumbu namba usiibuni, itatoka masjala kwenu kulingana na jalada litakamokaa. Ukibuni, memo itakuwa na namba ya jalada lisilokuwepo na hakuna atakayeiona tena.

Kiduku_Newala

Mzee shikamoo. Lakini cheo pekee? Kwetu tunaandika jina na cheo, na watu wanataka kujua nani amesema.

MzeeMasjala (Lindi)

Marahaba. Jina litaonekana chini kwenye sahihi. Lakini ziko ofisi ambazo mkubwa anaweka sahihi fupi pembeni ya KUTOKA na chini haweki kitu. Binti, fungua jalada la mwaka jana uone kwenu wanafanyaje, ufuate hivyohivyo.

Sasa mgawanyo. Kuandika "Wafanyakazi Wote" ni kosa, na kuandika majina arobaini ni kosa vilevile. Mgawanyo unajibu swali moja: nani anapaswa kufanya kitu kwa sababu ya memo hii, na nani anapaswa kujua tu. Soma kila agizo, jiulize nani atalitekeleza, andika cheo chake. Agizo likikosa mtekelezaji kwenye mgawanyo, kuna mtu umemsahau. Mtu akiwa kwenye utekelezaji na hana agizo lolote linalomgusa, msogeze kwenye taarifa au umtoe. Wapokeaji wakizidi watatu au wanne, kichwani andika "KWA: Angalia Mgawanyo" na orodha ikae mwisho, la sivyo kichwa kinameza nusu ukurasa.

Kampuni ya ulinzi uitoe kabisa. Memo haitoki nje ya mlango wa ofisi. Walinzi ni waajiriwa wa kampuni nyingine, kwa hiyo wao wanaandikiwa barua yenye salamu na "Wako mtiifu" zote, ikieleza mambo mawili yanayowahusu: saa ya kufungua geti na magari ya kuzuia. Ya funguo za ghala haiwahusu, na kwa kweli ni hatari kuwapelekea maandishi yanayosema funguo ziko kwa nani.

BintiShangani

Mzee hilo la funguo sikuliwaza kabisa. Nimemfuata meneja na maswali yangu matano, kayajibu yote amesimama: Jumatatu ni tarehe 13, mizani ni robo saa kabla, sikukuu ni Siku ya Mwalimu Nyerere tarehe 14, Mama Asha ni Mtunza Ghala Msaidizi, na karatasi ni hati ya kusafirishia mzigo. Shida iliyobaki ni mpangilio. Nikichapa KWA na KUTOKA, nukta mbili hazikai mstari mmoja. Kwenye kioo zinakaa, nikichapisha zinakimbia.

Fundi_Mikindani

Unatumia nafasi za kibodi, ndiyo maana. Herufi hazina upana sawa, M ni pana kuliko I, kwa hiyo huwezi kulinganisha kwa kuhesabu nafasi. Ingia `Insert`, kisha `Table`, chora safu mbili mistari mitano. Safu ya kushoto iwe nyembamba yenye KWA, KUTOKA na wenzake, ya kulia ndiyo ijazwe. Ukimaliza chagua jedwali lote, nenda `Borders`, bonyeza `No Border`. Mistari inapotea lakini maneno yanabaki mahali pake hata yahusu ikiwa ndefu ya mistari miwili. Chini ya jedwali weka mstari mmoja mnene wa kutenga kichwa na maelezo. Faili lihifadhi likiwa tupu, memo ijayo unajaza tu. Ila futa tarehe na namba ya zamani kabla hujalihifadhi, nimeshaona memo mbili zenye kumbukumbu namba moja.

BintiShangani

Hii ndiyo rasimu ya pili, mniangalizie:

MEMO YA NDANI

KWA: Angalia Mgawanyo
KUTOKA: Meneja wa Ghala
TAREHE: 7 Oktoba 2025
KUMB. NA.: (masjala)
YAH: KUBADILISHWA KWA SAA YA KUFUNGUA GETI KUANZIA TAREHE 13 OKTOBA 2025

1. Kuanzia Jumatatu tarehe 13 Oktoba 2025, geti litafunguliwa saa 1:00 asubuhi badala ya saa 2:00 asubuhi, kutokana na kuanza kwa msimu.
2. Wafanyakazi wa mizani wawe kazini saa 12:45 asubuhi.
3. Funguo za Ghala Na. 2 zitatunzwa na Mtunza Ghala Msaidizi.
4. Gari lisilo na hati ya AMCOS ya kusafirishia mzigo lisiingizwe.
5. Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, Siku ya Mwalimu Nyerere, ghala litafungwa.

Meneja wa Ghala

MGAWANYO
Kwa utekelezaji: Mkuu wa Mizani, Mtunza Ghala, Mtunza Ghala Msaidizi, Msimamizi wa Geti
Kwa taarifa: Mhasibu, Afisa Utumishi
Jalada

MwalimuMasasi

Imekaa vizuri. Mbona ubao wa matangazo haumo? Wapakuaji mizigo watajuaje?

MzeeMasjala (Lindi)

Swali zuri mwalimu. Ikibandikwa ubaoni, aya ya 3 inasomwa na kila anayepita, dereva na mchuuzi. Mimi ningetoa tangazo fupi la ubaoni lenye aya ya 1, ya 2 na ya 5 tu, na memo yenyewe ipite kwenye daftari la kusambazia.

Ongeza aya moja mwishoni: "Memo hii inachukua nafasi ya barua pepe ya tarehe 5 Oktoba 2025 kuhusu suala hili." Barua pepe ile bado imo kwenye simu za watu na inasema "Jumatatu ijayo". Bila aya hiyo una maagizo mawili, na atakayechelewa atakuonyesha lile linalompendeza.

Kiduku_Newala

Mzee, hapo kwenye ubao mimi sikubaliani. Ukitoa karatasi mbili ndiyo unaanza kuchanganya watu. Bora funguo ziandikiwe memo yake peke yake, na hii ibandikwe nzima.

MzeeMasjala (Lindi)

Nayo ni njia. Aamue meneja, yeye ndiye anayesaini.

BintiShangani

Nimempelekea zote mbili. Amechagua ya Kiduku, funguo zimeandikiwa memo yake kwa Mtunza Ghala na msaidizi wake tu. Hii nyingine imesainiwa ikiwa na ile aya ya kuchukua nafasi ya barua pepe, masjala wameipa namba, na wanne wa utekelezaji wameshasaini daftari. Kwenye majalada ya mwaka jana nimekuta sahihi za aina zote mbili, kwa hiyo hilo la sahihi bado sijui nishike lipi. Barua ya kampuni ya ulinzi naichapa sasa hivi.