Kipoza mafuta cha pasi mbili: lazima nizidishe na F? Naomba ushauri

Mkamuaji_Malindi: Wakuu, nisaidieni, silali. Tunakamua mafuta ya nazi hapa Malindi. Nataka kuyapoza kutoka nyuzi 70 hadi 40, kilo 1,000 kwa saa, kwa maji ya kisima ya nyuzi 28. LMTD, yaani wastani wa tofauti ya joto kati ya mafuta na maji, imenipa 17.7, mirija mita za mraba 4. Kuna anayesema nizidishe na F, kile kipunguzi cha LMTD kwa kipoza ambacho maji huenda na kurudi, na bei itapanda. Ni lazima?

PwaniBaridi: Weka F 0.8 tu. Miaka yote naweka hiyo na vipoza vinafanya kazi.

MamaKisima: Mimi nahofia kisima. Chetu tulikivuta kwa pampu kubwa, maji yakageuka chumvi, bustani ikafa.

MzeeMirija: Maji yanatoka na nyuzi ngapi? Hilo hujasema.

Mkamuaji_Malindi: 45. Nimeyabana yawe lita 890 kwa saa, kisima hakina nguvu.

MzeeMirija: Basi ndilo tatizo. Mafuta yanatoka na 40, maji na 45. Kwenye pasi ya kurudi, maji yaliyokwisha kupata moto yanapita karibu na mafuta yaliyokwisha kupoa, yanayarudishia joto. LMTD yako inadhani vinapishana kinyume mwanzo hadi mwisho. F hupatikana kwa R na P, uwiano wa nyuzi zako:

```
R = (70-40)/(45-28) = 1.76
P = (45-28)/(70-28) = 0.40
F = 0.58
```

17.7 × 0.58 ni 10.3. Gawa 4 kwa 0.58: unahitaji mita 6.9. Na uko ukingoni: ukibana hadi maji yatoke na 47, hakuna ukubwa wa mirija utakaofikisha mafuta 40. Ile 0.8 ya PwaniBaridi hapa ingekudanganya.

PwaniBaridi: Yangu maji hutoka yakiwa baridi kuliko mafuta. Labda ndiyo maana.

Shaka_Tupu: 70, 40, 28... Hizi namba za mtihani. Mwanafunzi huyu, tumfanyie kazi yake?

Mkamuaji_Malindi: Ndugu, hiyo 28 nimeipima mwenyewe kwenye ndoo, saa nane mchana. Kipimajoto bado kina mafuta kwenye kioo. Na... amana nimeshalipa, ganda la kipoza limeshakatwa. Lakini mita 4 si ndogo, mafuta ni mepesi yakiwa moto.

MamaKisima: Hela kwanza, swali baadaye! Mwanangu, ungeuliza kabla.

MzeeMirija: Ganda lisitupwe. Maji yakiwa lita 1,900 kwa saa yatatoka na 36, F inapanda 0.90, LMTD 21.1. Hapo mita 4 zinatosha, kwa nafasi ndogo. Kama kisima hakiwezi, gawa eneo kwenye maganda mawili mfululizo, maji yaingie upande mafuta yanakotokea. Kwa maji yako ya sasa F inakuwa 0.93, jumla mita 4.3.

Mkamuaji_Malindi: La pili ni hela nyingine kwa fundi. Kesho nitapima kisima kinatoa lita ngapi kwa saa moja.

MamaKisima: Yaonje pia, mwisho wa saa.