Pimamaji ya kamba au fremu ya A: nitumie ipi kabla ya trekta kuingia shambani?

Mkulima_Langobaya:
Salamu, ndugu zangu. Trekta imeahidiwa kufika shambani kwangu Jumatatu ijayo, nami ningependa mistari ya kontua, yaani ya usawa mmoja kukatiza mteremko, iwe imekwisha kuwekewa vigingi, kwa kuwa masika iliyopita maji yaliuchukua udongo wangu wa juu hadi kwa jirani. Je, nitumie fremu ya A au pimamaji ya kamba?

BwanaShamba_Mstaafu:
Ndugu, hujatueleza shamba lina ukubwa gani, mteremko ni kiasi gani, udongo ni wa namna gani, wala una watu wangapi wa kukusaidia. Bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

Fundi_Kisumu_Ndogo:
Mimi ni mwashi, na ushauri wangu ni fremu ya A. Chukua miti miwili ya mita 2 iliyo sawasawa kabisa, uifunge kileleni, uweke mti wa kukatiza, kisha uning'inize timazi. Miguu ikipishana urefu hata kidogo, fremu hiyo haifai.

BwanaShamba_Mstaafu:
Hapo pa mwisho sikubaliani nawe, fundi. Simamisha fremu juu ya vigingi viwili na uweke alama pale uzi unapokatiza ule mti wa kati. Kisha igeuze, kila mguu ukae mahali pa mwenzake, na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa, hata kama mguu mmoja ni mfupi. Adui wa fremu ni upepo wa alasiri, kwa hiyo tumia jiwe zito na ufanye kazi asubuhi.

Mkulima_Langobaya:
Niwieni radhi. Shamba ni ekari 3, lina takriban mita 110 kila upande, na udongo ni wa kichanga. Leo nimepima mteremko: kwa kila mita 10 ardhi inashuka sentimita 40. Tuko watatu, mimi na wanangu wawili.

BwanaShamba_Mstaafu:
Basi mteremko wako ni asilimia 4. Kanuni tuliyokuwa tukiitumia ni kugawanya asilimia hiyo kwa 4, kuongeza 2, kisha kuzidisha kwa 0.3, kwako inatoka sentimita 90 za kushuka kati ya mstari na mstari, yaani mita 22 na nusu ukipima kwenda chini. Mistari minne itakutosha. Kwa fremu yenye mita 2 kati ya mguu na mguu, kila mstari utakuwa na hatua 55. Kwa kamba ya mita 10 ni hatua 11 tu, na watu watatu ndio hasa wanaohitajika: wawili washike fito, mmoja asome povu la pimamaji lililotundikwa katikati ya kamba.

Mama_Ganda:
Mwanangu, kamba ni nyepesi lakini mimi iliniumiza. Tulipima mstari wa mita 150 kwa hatua 15, na kila mara povu lilikaa katikati vizuri, nasi tukafurahi. Kumbe kile kipimo kilikuwa na hitilafu, na kila hatua ilishuka kama sentimita 3 bila sisi kujua, kwa sababu kilitazama upande ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Mwishoni tulikuwa chini kwa sentimita 45, na kwa mteremko kama wako hizo ni zaidi ya mita 11 za kupotoka. Mvua ya kwanza ilipokuja, maji yote yalikimbilia ncha ile, yakavunja tuta na kuchimba korongo ambalo bado tunalijaza. Kabla ya kuanza, kitundike kipimo, usome, kisha kigeuze palepale kwenye kamba. Povu likihama, kitupe. Tena ikunje kamba mara mbili upate katikati yake halisi, maana kipimo kikikaa pembeni, kamba inayolegea itakudanganya.

Mwana_wa_Mpeketoni:
Huku kwetu shamba ni tambarare na maji hutuama hadi mahindi yanageuka manjano. Je, kontua zitayaondoa?

BwanaShamba_Mstaafu:
La, Bwana. Mistari iliyo sawa huyazuia maji. Wewe unahitaji mtaro wenye mwinamo, na hilo ni swali jingine.

Fundi_Kisumu_Ndogo:
Kuhusu miguu nimekubali. Hata hivyo, kamba ya mita 10 huruka mabonde madogo yaliyo kati ya vigingi viwili, ilhali fremu huyaona.

Mama_Ganda:
Hilo ni kweli. Penye mabonde tulitumia kamba ya mita 5.

Mkulima_Langobaya:
Nimegeuza kipimo changu na povu halikuhama, kwa hiyo nitaanza na kamba. Shida ni kwamba dereva amesema hatafuata mstari unaopindapinda. Yeye hulima moja kwa moja kutoka juu hadi chini.

BwanaShamba_Mstaafu:
Simama nyuma ya vigingi, na kile kinachojitokeza peke yake ukisogeze kidogo juu au chini hadi mkunjo uwe mpole. Trekta ilime sambamba na mstari huo.

Fundi_Kisumu_Ndogo:
Akikataa, afadhali ng'ombe wa plau.

Mama_Ganda:
Ng'ombe wa plau utawapata wapi kabla ya Jumatatu?