Mrejesho: barua ya shukrani kwa makocha wa kujitolea na wazazi

Niliuliza: "Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yameisha. Niwaandikieje makocha wa kujitolea na wazazi barua ya shukrani?"

Ahsanteni sana wadau. Nilifuata ushauri wa kutaja kazi yenyewe. Kocha wa netiboli nilimwandikia: "Mabinti sasa wanadaka na kutua bila kuburuza mguu, ndiyo maana filimbi za faulo ya hatua zimepungua." Mwalimu mkuu alisaini na kugonga mhuri, na kocha ameiambatisha kwenye maombi yake ya kozi.

Za wazazi zimefika nusunusu. Tuliwapa watoto, kumbe wazazi wengi huku Mtwara vijijini wamehamia mashambani kupulizia mikorosho salfa. Zilizobaki tutawakabidhi mkononi kwenye mkutano wa wazazi, tukianza na mama aliyeleta ndoo ya maji yaliyochemshwa kila mazoezi.