Mkoba wa skuli: nichukue upi kati ya hii miwili?

MamaWete: Assalaam alaykum. Binti yangu yuko darasa la tatu, ana kilo 22. Mkoba wake wa mwaka jana ulikatika mkanda wa kulia kabla ya miezi miwili, pale juu unapoungana na mgongo. Uzi haukukatika, kilichoraruka ni kitambaa. Leo nimeona miwili Chake. Mmoja una mgongo mgumu na zipu ya chuma, mwengine wa nailoni, mwepesi. Muuzaji anasema ule mgumu ndio wa kudumu. Nimuamini?

Kiembesamaki_1: Muamini. Zipu ya chuma haina mpinzani.

FundiCherehani: Waalaykumu salaam dada. Kitambaa kikiraruka uzi ukabaki, ujue mkanda ulishonewa ukingoni kabisa. Mfungue mkoba, utazame kwa ndani. Ncha ya mkanda iwe imezama upana wa kidole kizima kupita mshono, na juu yake pawe na mishono ya kwenda na kurudi. Kisha shika mkanda mkono huu, mkoba mkono huu, uvute kwa nguvu. Matundu ya sindano yakifunguka, urudishe.

Kaka wa Kiembesamaki, zipu ya chuma ina nguvu kweli, ila hewa yetu ya chumvi huila. Nimeshang'oa nyingi zilizoganda. Mimi napendelea ya nailoni, ile iliyojikunja kama springi, lakini kubwa. Dada, ifunge, halafu uminye mkoba pembeni. Meno yakiachana nyuma ya kichwa cha zipu, kichwa kimelegea. Na uipitishe konani mara kumi, maana hapo ndipo hukwama.

UmmuSalma: Mimi nilinunua wa magurudumu. Njia ya kwetu Makunduchi ni mchanga, mtoto akaishia kuubeba, na ni mzito ungali mtupu!

MamaWete: Nimerudi sokoni, nikaomba mizani ya muuza viazi. Ule mgumu ukiwa mtupu ni kilo 1 na gramu 200. Wa nailoni gramu 550. Madaftari, juzuu ya chuoni na chupa ya maji, nilivipima nyumbani, vina kilo 1.9. Kwa hivyo mgumu ungefika 3.1, mwepesi 2.45.

FundiCherehani: Wengi husema mzigo usizidi asilimia 10 ya uzito wa mtoto, wengine hufika 15. Kwa wako 10 ni kilo 2.2. Mwepesi umezidi kidogo tu, na chupa ikienda tupu ikajazwa skuli, umo ndani. Mabegani je?

MamaWete: Mishono imezama vizuri na zipu imepita konani bila kukwama. Sponji ndiyo inanitia wasiwasi. Mkanda ni mpana, vidole vitatu, lakini nikiminya kwa dole gumba vidole vinakutana, na shimo linabaki.

FundiCherehani: Hiyo italala mapema, mkanda ukunjike umkate bega. Ukipata fundi wa kuufungua mkanda akaweka sponji ngumu zaidi, chukua.

Kiembesamaki_1: Mkoba mpya unaupeleka kwa fundi? Mimi ningetafuta wa tatu.

MamaWete: Nimemwambia aniwekee mpaka Jumamosi. Nitapita Wete kwanza nione iliyopo.